Kupima B ya gesi ukiwa Dodoma, na kujua lini PV = nRT inatosha

Chukua chombo cha chuma chenye ujazo wa lita 1, weka ndani yake gramu 8.80 za kaboni dioksaidi, kisha kiache kitulie kwenye nyuzi 25. Geji itasoma bar 3.95. Ukiongeza kanieneo la hewa ya nje, 1.013, kama mazoea ya vitabuni yanavyotaka, unapata bar 4.96. Gawanya kwa nRT/V na jibu ni karibu 1.000. Utahitimisha kwamba kaboni dioksaidi kwenye bar 5 ni gesi kamilifu, na utakuwa umekosea.

Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa inakandamiza kwa karibu bar 0.89, si 1.013. Kanieneo halisi ndani ya chombo ni bar 4.84, na ukigawanya tena unapata 0.976. Hiyo asilimia mbili na nusu iliyokuwa imefichwa na namba ya pwani ndiyo hasa tunayoitafuta. Ndiyo alama ya kizigeu cha pili cha viriali, kinachoandikwa B.

B ni nini kwa mpimaji

Mwaka 1901 Heike Kamerlingh Onnes, huko Leiden, alipendekeza gesi halisi ielezwe kwa mfululizo:

```
Z = PV/(nRT) = 1 + Bρ + Cρ² + ...
ρ = n/V
```

Namba 1 ni ya gesi kamilifu, ambayo molekuli zake hazijuani. B inahesabu molekuli zinapokutana mbilimbili, C zinapokutana tatutatu. Kwa kuwa ρ ni moli kwa mita ya ujazo, B inatoka kwa mita za ujazo kwa moli. Majedwali huiandika kwa sentimita za ujazo kwa moli, kwa hiyo zidisha kwa 10⁻⁶ kabla ya kuitumia. Atakayesahau hatua hiyo atapata Z ya maelfu, na kosa litajionyesha lenyewe.

B hasi maana yake mvuto kati ya molekuli unashinda: gesi inakandamiza kuta kwa nguvu ndogo kuliko tunavyotarajia. B chanya maana yake ukubwa wa molekuli wenyewe unashinda: hazipitiani, zinanyang'anyana nafasi, na kanieneo linapanda. Gesi ikiwa baridi molekuli zinakwenda polepole na mvuto unapata muda wa kuzikamata. Ikiwa moto zinapitana kasi na kinachobaki ni kugongana. Kati ya hali hizo mbili ipo halijoto moja ambapo mambo haya yanalingana na B inakuwa sifuri. Hiyo ndiyo halijoto ya Boyle. Angalia neno "yanalingana": mvuto haujafutika, umesawazishwa tu. Tutaona mwishoni kwa nini tofauti hiyo ina gharama.

Vifaa

Utahitaji chombo cha chuma cha pua cha kuchukulia sampuli za gesi, cha lita 1, chenye valvu na muhuri wa kanieneo linaloruhusiwa. Tafuta cha bar 100 au zaidi ingawa hutavuka bar 20. Usitumie mtungi wa zamani wa gesi ya kupikia wala chupa ya soda.

Mizani ibebe kilo 5 na isome hadi gramu 0.01. Geji iwe ya kidijitali ya bar 25, yenye usahihi wa asilimia 0.1 ya kipimo chake cha juu, yaani bar 0.025. Geji ya mshale iliyo kwenye regyuleta inakuongoza wakati wa kujaza tu. Haipimi B. Pia uwe na kipimajoto cha kusoma sehemu ya kumi ya digrii, na beseni la maji lenye kidhibiti joto.

Kaboni dioksaidi inapatikana kwa wauzaji wa gesi za kuchomelea na za mashine za soda, lakini uliza maswali mawili. La kwanza, ni tupu au imechanganywa na agoni? Mchanganyiko wa kuchomelea ni wa kawaida sana na utakupa B isiyo ya gesi yoyote. La pili, mtungi una mrija wa ndani unaofika chini? Wenye mrija huo unatoa kimiminika badala ya gesi. Kimiminika kikijaa ndani ya chombo kilichofungwa kisha kikapata joto, hakuna mahali pa kutanukia, na chombo kinaweza kupasuka. Fanya kazi madirisha yakiwa wazi: gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukaa chini.

Kuondoa hewa kwenye chombo, pampu ya ombwe wanayotumia mafundi wa friji inatosha kabisa.

Kupima, hatua kwa hatua

Kwanza pata ujazo. Pima chombo kikiwa kikavu na kimevutwa ombwe, kijaze maji yaliyosafishwa yenye nyuzi 25, kitikise hadi mapovu yatoke, kisha pima tena. Gawanya gramu za maji kwa 0.9970 upate mililita. Geji ikiwa imefungwa kwenye chombo muda wote, nafasi iliyo ndani ya bomba lake ni sehemu ya ujazo na lazima ihesabiwe. Baada ya hapo kausha chombo kwa joto la wastani na pampu, kwa sababu tone moja la maji litakaloachwa lina uzito zaidi ya kosa lote unaloruhusiwa.

Pili, vuta ombwe, funga valvu, pima. Huo ndio uzito wa chombo kitupu. Ukipima chombo "kitupu" kikiwa na hewa ya Dodoma ndani, umejumlisha karibu gramu 1.04 za hewa ambazo baadaye hazitakuwepo. Msukumo wa hewa ya nje kwenye chombo hauna shida, maana umbo la nje halibadiliki na makosa yanafutana.

Tatu, jaza hadi geji isome karibu bar 17, halafu toa kila kitu, uvute ombwe tena, na ujaze upya. Kujaza mara ya kwanza ni kusafisha. Mara ya pili ndiyo ya kazi.

Nne, zamisha chombo kwenye beseni na usubiri dakika 30. Kujaza kunapasha gesi, kutoa kunaipoza, na macho hayaoni. Soma geji mara tatu kwa dakika tano tano. Ikiwa namba bado inatembea, halijoto bado haijatulia. Kosa la nusu digrii ni asilimia 0.17 ya Z. Hapa Dodoma kuna jambo la kupangilia: beseni lenye hita tu haliwezi kushika nyuzi 25 mchana wa Oktoba au Novemba ambapo chumba chenyewe kimezidi hapo. Fanya asubuhi ya Juni au Julai, au panda hadi nyuzi 30 na ulinganishe na jedwali la nyuzi 30. Njia zote mbili ni halali, mradi uandike halijoto uliyopima badala ya uliyoitamani.

Tano, toa chombo, kikaushe vizuri kwa kitambaa hadi kwenye mikunjo ya valvu, pima uzito. Kisha achia gesi kidogo, rudisha kwenye beseni, subiri, soma, pima. Vituo vinne vinatosha.

Sita, soma kanieneo la hewa siku hiyohiyo kwa baromita iliyo chumbani. Usichukue namba ya utabiri wa hali ya hewa kwenye simu. Namba ile huwa imeshasahihishwa ionekane kama uko usawa wa bahari, ndiyo maana inasema takribani 1013 au 1015 hata ukiwa Dodoma. Unachotaka ni kanieneo la mahali ulipo, lisilosahihishwa.

Hesabu ya mfano

Hizi ni namba ambazo kaboni dioksaidi inapaswa kutoa kwenye nyuzi 25 (kelvini 298.15), chombo cha lita 1.000, hewa ya nje bar 0.89. Zimekokotolewa kutoka kwenye B na C zinazojulikana za gesi hii, ili uone kazi iliyopimwa vizuri inavyofanana.

| Gramu | ρ (mol/m³) | Geji (bar) | P (bar) | Z | (Z−1)/ρ (cm³/mol) |
|---|---|---|---|---|---|
| 8.80 | 200 | 3.95 | 4.84 | 0.9756 | −122.0 |
| 17.60 | 400 | 8.55 | 9.44 | 0.9516 | −121.0 |
| 26.41 | 600 | 12.91 | 13.80 | 0.9280 | −120.1 |
| 35.21 | 800 | 17.05 | 17.94 | 0.9047 | −119.1 |

Safu ya mwisho ndiyo ya kuchorea grafu. Hamisha 1 upande wa pili, gawanya kwa ρ, na mfululizo unabaki B + Cρ: mstari ulionyooka. Unapokata mhimili wima, yaani ρ ikiwa sifuri, ndipo B ilipo. Mwinamo wake ni C. Kwenye lahajedwali, ρ ikiwa safu ya B na (Z−1)/ρ ikiwa safu ya F:

```
=INTERCEPT(F2:F5,B2:B5)
=SLOPE(F2:F5,B2:B5)
```

Hapa B inatoka −123 cm³/mol. Wengine huchora Z dhidi ya P na kusoma mwinamo wa mwanzo. Inafanya kazi, lakini mstari ule hupinda taratibu na jicho hulidanganya. Grafu ya (Z−1)/ρ ni kali zaidi, na ukali huo ndio unaoifaa, kwa sababu inaonyesha makosa waziwazi.

Rudi kwenye kosa la kuongeza 1.013. Ukilifanya kwenye vituo vyote vinne, safu ya mwisho inakuwa takribani +2, −90, −106, −111. Kwenye kanieneo la juu namba zinakaribia ukweli, kwenye la chini zinakimbia. Huo mkunjo mkali upande wa kushoto wa grafu haumaanishi kwamba gesi ina tabia ya ajabu. Unamaanisha kuna kiasi kisichobadilika kilichoongezwa au kupunguzwa kwenye P. Ujazo uliopimwa vibaya nao hupinda namba upande huohuo wa kushoto, ila kwa upole zaidi: kosa la asilimia 0.1 la ujazo linasogeza kituo cha kwanza kwa 5 cm³/mol na cha mwisho kwa kama 1 tu. Ukiona mstari umenyooka, kanieneo la hewa na ujazo viko sawa. Ukiona mkunjo, rudi kwenye baromita kwanza, kisha kwenye maji.

Kwa sababu hiyohiyo usivipe vituo vyote uzito sawa. Kosa la geji la bar 0.025 ni zaidi ya 25 cm³/mol kwenye kituo cha bar 4.84, lakini kwenye bar 17.94 halifiki 2. Hapa kuna mvutano wa kweli: fomula inataka ρ ndogo, vifaa vinataka ρ kubwa. Kwa geji ya aina hii, egemea vituo vya juu na uruhusu C ifanye kazi yake.

Kutoka B hadi halijoto ya Boyle

Halijoto ya Boyle ya kaboni dioksaidi ni karibu kelvini 715, yaani nyuzi 442. Beseni la maji halifiki huko. Naitrojeni ni habari nyingine: kelvini 327, nyuzi 54. Hiyo ni maji ya moto tu, na ndiyo gesi ya kufanyia kazi hii, ingawa B yake ni ndogo na utahitaji geji ya kanieneo la juu zaidi, karibu bar 50, pamoja na chombo kinachoiruhusu.

Huhitaji kuipata B sifuri kwa kubahatisha. Pima B kwenye halijoto mbili, moja kila upande, kisha unganisha. Swali ni uunganishe kwenye grafu gani. Kwa naitrojeni B ni −10.5 kwenye kelvini 273 na +6.2 kwenye kelvini 373. Ukichora B dhidi ya T na kuvuta mstari, inavuka sifuri kwenye 336. Ukichora B dhidi ya 1/T, inavuka kwenye 328 na nusu, digrii moja na nusu tu kutoka kwenye jibu. Sababu ni kwamba sehemu ya mvuto inapungua takribani kwa 1/T, huku sehemu ya ukubwa wa molekuli ikibaki karibu palepale.

Lakini njia hii ni ya kuunganisha, si ya kukisia mbali. Ukijaribu na kaboni dioksaidi kwa B za 273 (−149.7) na 373 (−72.2), mstari wa 1/T unakupeleka kwenye kelvini 566, pungufu ya ukweli kwa karibu 150. Vipimo vyote viwili viko chini ya halijoto ya Boyle, na mstari haujui mkunjo ulio mbele.

Mlinganyo wa van der Waals nao hutoa njia ya mkato, T = a/(Rb). Kwa naitrojeni inatoa 426 badala ya 327, na kwa kaboni dioksaidi inazidi 1,000. Ifundishe kama maelezo ya kwa nini halijoto hiyo ipo. Usiitumie kama namba.

Lini unaweza kuiacha B

Amua kwanza kosa unaloweza kuvumilia. Likiwa asilimia 1, kikomo cha kanieneo ni takribani:

```
P = 0.01 RT/|B|
```

Kwenye nyuzi 25, kaboni dioksaidi inatoa bar 2 tu. Oksijeni, yenye B karibu −16, inatoa kama bar 15. Heliamu, yenye B karibu +12, inatoa bar 21. Kwa hewa ya kawaida ya chumba Dodoma, kaboni dioksaidi inapotoka kwa asilimia 0.44, kwa hiyo kwenye zoezi la shule la kukusanya gesi juu ya maji acha B kabisa. Tumia nguvu zako kusahihisha mvuke wa maji, na kutupa lita 22.4: kwenye nyuzi 25 na bar 0.89 moli moja inachukua lita 27.9.

Heliamu inawashangaza wengi, maana tumezoea kuiita gesi iliyo karibu zaidi na ukamilifu. Halijoto yake ya Boyle ni kelvini 23, na chumbani tuko mbali juu yake, kwa hiyo B ni chanya na Z inapanda moja kwa moja. Kwenye bar 100 heliamu imezidi kwa karibu asilimia 5. Naitrojeni kwenye bar hizohizo 100 na nyuzi 25 haijazidi hata nusu asilimia, kwa sababu tu iko jirani na halijoto yake ya Boyle. Ukaribu na ukamilifu ni jambo la gesi pamoja na halijoto, haliko kwenye jina la gesi.

Sasa ule mtego wa neno "yanalingana". B ikiwa sifuri, mfululizo unabaki 1 + Cρ². Kwa naitrojeni kwenye nyuzi 54, C ni karibu 1,400 cm⁶/mol². Kwenye bar 10 mchango wake ni sehemu mbili kwa elfu kumi, haushikiki. Kwenye bar 50 ni karibu nusu asilimia. Kwenye bar 100 unakaribia asilimia 2, kwani unakua kwa mraba. Kikomo cha fomula ya hapo juu, ambacho kingekuwa hakina mwisho B ikiwa sifuri, hakifai hapa.

Mfano wake uko kwenye mtungi wa naitrojeni wa lita 50 uliojazwa hadi bar 150 kwenye nyuzi 25. B ni karibu −4.5, na ukiitumia peke yake unapata Z ya 0.973 na hesabu ya moli 311. Ukiingiza C, Z inakuwa takribani 1.02 na moli ni kama 297. Gesi kamilifu isiyosahihishwa kabisa ingekupa 303, karibu zaidi na ukweli kuliko usahihishaji wa nusu. Kabla ya kutumia B peke yake, kokotoa Bρ na Cρ² na uzilinganishe. Kwenye mtungi huu ni −0.027 dhidi ya +0.050: ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza na ishara zinapingana, kwa hiyo ziingize zote mbili au uende kwenye jedwali la gesi hiyo.